Jostiki na mkono wa mafuta kwenye Xbox: kuanzia dukani hadi ndege iruke

Muuzaji wa vifaa vya mtumba atakwambia, "Bosi, hii ina USB, inaingia popote." Kwenye kompyuta maneno yake ni kweli kabisa. Kwenye konsoli si kweli, na hapo ndipo hela nyingi zinapotea. Kwa hiyo naanzia dukani. Mfano wangu mwote humu ni Xbox Series S au X, jostiki ya Thrustmaster T.Flight Hotas One, na gemu ya Microsoft Flight Simulator ya 2020, ambayo ilifika kwenye Xbox Julai 2021. Wenye PlayStation nitawagusia njiani.

Hatua ya 1: Hakikisha konsoli itaikubali

Xbox haiangalii umbo la plagi. Kifaa kikichomekwa, konsoli inakidai kitambulisho cha kielektroniki ambacho watengenezaji wanakipata kwa leseni ya Microsoft. Kikikosa kitambulisho hicho, konsoli inakaa kimya kana kwamba hujachomeka kitu. Ndiyo maana jostiki nzuri na ghali ya kompyuta, kama Thrustmaster T.16000M au Logitech X52, haifanyi lolote ukiichomeka moja kwa moja kwenye Xbox. Haijaharibika, na kuibadilishia waya hakutasaidia.

Familia ya T.Flight inachanganya watu sana, kwa sababu vifaa vyake vinafanana kama mapacha. Hotas One ni ya Xbox na kompyuta. Hotas 4 ni ya PlayStation na kompyuta. Hotas X ni ya zamani, ya PS3 na kompyuta, na Xbox haiitambui kabisa. Usitazame picha ya tangazo. Mwambie muuzaji akupigie picha ya swichi ndogo iliyo kwenye kitako. Kama imeandikwa PC upande mmoja na XBOX upande wa pili, hiyo ndiyo yako. Ukiona PC na PS4, hiyo ni Hotas 4, na hakuna ujanja wa kuigeuza kuwa ya Xbox.

Upande wa PlayStation, Sony walitangaza mwaka 2020 kwamba jostiki zenye leseni yao zitafanya kazi PS5, ila gemu yenyewe lazima iwe imetengenezwa kuzitambua. Kwa hiyo huko unakagua vitu viwili: kifaa na gemu.

Hatua ya 2: Kama tayari unayo ya kompyuta, pima kama adapta inafaa

Ziko adapta za aina mbili, na tofauti yao ni kubwa.

Aina ya kwanza ni vile visanduku vinavyoidanganya konsoli kwamba jostiki yako ni pedi ya kawaida ya kuchezea gemu. Mimi sivipendekezi. Tangu Novemba 2023 Microsoft wameanza kuzuia vifaa visivyo na idhini, na kikikamatwa skrini inakuonyesha msimbo huu:

```
0x82d60002
```

Ukiuona, tatizo halimo kwenye waya wala kwenye gemu. Kifaa kimekataliwa, basi.

Hata kisipokamatwa, kuna kikomo ambacho adapta haiwezi kukiruka. Pedi ina vijiti viwili, na kila kijiti kinakwenda pande mbili, halafu kuna vifyatulio viwili vya vidole nyuma. Jumla ni mihimili sita, yaani miendo sita inayopimwa kidogo kidogo badala ya kuwashwa na kuzimwa. Adapta lazima iubane kila mwendo wa jostiki ndani ya hiyo sita. Mkono wa mafuta unaweza kuishia kwenye kijiti cha kulia, na gemu inakichukulia hicho kama kamera. Unasukuma mafuta, unajikuta unatazama dari ya chumba cha rubani. Unaweza kupanga upya ndani ya gemu, lakini kamera nayo itakosa pa kukaa.

Aina ya pili ni halali: Xbox Adaptive Controller, kifaa kilichotoka 2018 kwa ajili ya wachezaji wenye ulemavu. Kina tundu mbili za USB, moja kila upande, na zinapokea jostiki kadhaa za kompyuta, ikiwemo Logitech Extreme 3D Pro. Ukiichomeka tundu la kushoto, jostiki inakuwa kijiti cha kushoto cha pedi. Unapata kuinamisha mabawa na kupandisha au kushusha pua, pamoja na baadhi ya vitufe. Usitegemee kusokota mpini wala kile kiwenzo kidogo cha mafuta. Ili kujazia pengo, fungua programu ya Xbox Accessories, washa Controller assist, uunganishe na pedi ya kawaida ili mafuta na usukani wa mkia vibaki kwenye pedi. Kwa mwenye mahitaji hayo ni suluhisho zuri sana. Kwa anayetaka tu kubana matumizi, bei ya kifaa hicho inakaribia kununua Hotas One iliyotumika, na hapo hesabu haikubali.

Hatua ya 3: Kuchomeka

Weka swichi upande wa XBOX kabla ya kuchomeka. Ukiigeuza wakati kifaa kina umeme, kichomoe na ukirudishe.

Unapochomeka, usiishike jostiki. Sekunde hizo za mwanzo ndipo inapojipima ijue katikati ni wapi. Ukiwa umeiegemea kidogo kulia, itaamini kwamba hapo ndipo katikati, na ndege yako itavuta upande mmoja safari nzima. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ndege inainama yenyewe bila upepo, na tatizo linaisha ukichomoa na kuchomeka tena mikono ikiwa mezani.

Pedi usiiweke mbali. Bado utaihitaji kwenye menyu. Konsoli ikiuliza jostiki ni ya nani, chagua akaunti ileile iliyo kwenye pedi. Sasisho la programu ya ndani ya jostiki linafanywa kwenye kompyuta ya Windows pekee. Kwenye konsoli usilitafute.

Hatua ya 4: Tengeneza wasifu wako

Ndani ya gemu nenda `Options`, kisha `Controls Options`. Juu utaona vifaa vyote vilivyounganishwa, chagua jostiki. Mpangilio uliokuja na gemu haubadilishwi, kwa hiyo tengeneza wasifu mpya na uupe jina utakalolikumbuka.

Sasa kabla hujagusa kitufe chochote, rudi kwenye pedi, uitengenezee nayo wasifu, kisha ufute mihimili ya kurusha ndege iliyopangwa kwenye vijiti vyake. Watu wengi wanairuka hatua hii. Gemu inasikiliza vifaa vyote kwa pamoja, na pedi iliyochakaa huwa na kijiti kinachojisogeza chenyewe. Unashika jostiki imara, ndege inatetemeka, unalaumu jostiki mpya kumbe ni pedi iliyolala kwenye kochi.

Hatua ya 5: Panga mihimili minne

Tafuta kwa jina, bonyeza nafasi iliyo wazi, halafu `START SCANNING`, kisha sogeza kile unachotaka. Yenyewe itakitambua.

```
AILERONS AXIS   jostiki kulia na kushoto
ELEVATOR AXIS   jostiki mbele na nyuma
RUDDER AXIS     kusokota mpini
THROTTLE AXIS   mkono wa mafuta
```

Kwenye mafuta kuwa makini. Orodha ina majina yanayofanana, na lenye maneno `-100 TO 100%` ni la ndege zenye uwezo wa kurudisha nguvu nyuma. Ukiliweka kwenye Cessna, nusu nzima ya mwendo wa mkono haitafanya lolote.

Mkono wa Hotas One una kituo unachokisikia katikati, kama kigingi kidogo. Kwa `THROTTLE AXIS` ya kawaida kituo hicho ni nusu ya nguvu tu, hakina maana nyingine. Wengine kinawakera, mimi nakipenda, maana najua nilipo bila kutazama chini.

Usukani wa mkia una njia mbili: kusokota mpini, au kile kiwenzo cha kubembea kilichopo mbele ya mkono wa mafuta kinachosukumwa kwa vidole. Ukichagua kiwenzo, kaza skrubu ya kufunga mpini usisokoteke. Mwanzoni mkono ukivuta pua juu huwa unasokota bila wewe kujua, na ndege inakwenda mshazari. Kiwenzo kinaondoa shida hiyo.

Hatua ya 6: Kulainisha mwendo

Fungua `Sensitivity`. Utaona mchirizi na nukta inayosogea jinsi unavyosogeza jostiki. Hii ndiyo skrini ya maana kuliko zote, kwa sababu inakuonyesha ukweli wa kifaa chako.

Achia jostiki. Nukta ikitulia katikati, vizuri. Ikichezacheza, ongeza `Dead Zone` kidogo kidogo mpaka itulie, na uishie hapo. Kwa usukani wa mkia asilimia 5 hutosha mara nyingi. Kwa mabawa na pua, shusha `Sensitivity` hadi karibu -30%, pande zote mbili. Mchirizi utapinda, na jostiki itakuwa pole karibu na katikati bila kupoteza nguvu mwishoni.

Kisha sukuma mafuta hadi mwisho. Jostiki iliyotumika sana mara nyingi inaishia 95 au 97. Ongeza `Extremity Dead Zone` mpaka ifike 100.

Hatua ya 7: Vitufe

Usijaze vyote siku ya kwanza. Kwa Cessna 172, ambayo magurudumu yake hayakunjwi, naweka `BRAKES` kwenye kifyatulio cha kidole cha shahada, `INCREASE FLAPS` na `DECREASE FLAPS` kwenye vitufe viwili vinavyopakana, na `ELEVATOR TRIM UP` na `ELEVATOR TRIM DOWN` palipo na kidole gumba. Trimu, inayoishikilia pua ilipo bila wewe kuendelea kuvuta jostiki, utaitumia kuliko kitufe kingine chochote, kwa hiyo ipe mahali pazuri. Kile kikofia cha juu ya mpini kiache kibaki cha kutazama pande zote.

Hatua ya 8: Jaribu ukiwa ardhini

Weka Cessna kwenye njia ya kurukia, uwanja wowote. Mimi hutumia wa Zanzibar kwa kuwa ukishapaa bahari ipo karibu na upeo wa macho unaonekana wazi. Hamia kwenye kamera ya nje. Vuta jostiki: kibao cha mkia kinapaswa kuinuka. Isukume kulia: bawa la kulia linainua kibao chake, la kushoto linakishusha. Kikienda kinyume, rudi kwenye mhimili huo na uweke alama kwenye `REVERSE AXIS`. Mafuta ndiyo hugeuka mara nyingi zaidi. Ukiona injini inanguruma mkono ukiwa nyuma, umeshajua.

Sasa ruka. Mafuta yote, shikilia mstari kwa usukani wa mkia, na kasi ikifika noti 55 vuta taratibu. Pua ikiruka juu ghafla, shusha `Sensitivity` ya pua hadi -40%. Ukilazimika kuvuta karibu mpaka mwisho ndipo iitike, umeshusha mno. Ipandishe kumi, halafu uruke tena kutoka njia ileile.