SOMO: Umepiga *#21# ukaambiwa hamna kitu? Bado simu zako zinaweza kuwa zinakwenda kwa mtu mwengine

Assalaam alaykum jamani. Somo hili limetokana na simu ya shemeji yangu, fundi milango kule Wete. Kila akipanda boti kuja Unguja akishuka bandarini anakuta salio limepungua na yeye hajapiga simu hata moja, na wateja wanamwambia "jana tumekupigia kapokea mwanamke". Mkewe nae kasikia hayo hayo, sasa hebu fikirieni nyumba ilivyokua.

Kabadilisha simu, haikusaidia. Kapiga *#21# kama watu wanavyofundishana, skrini ikamwambia hamna daivati. Akaona labda kaibiwa laini.

Tatizo ni kwamba *#21# inaulizia daivati ya aina moja tu, ile ya kuhamisha kila simu bila simu yako hata kulia. Ziko nyengine tatu na kila moja ina namba yake: 67 ukiwa unaongea na mtu, 61 ikilia usipokee, na 62 simu ikiwa imezimwa au haina mtandao. Hii 62 ndio mbaya maana simu ikiwa hewani kila kitu kiko sawa, unapigiwa unapokea, huwezi kushtuka. Inaamka pale tu ukizima, chaji ikiisha, au boti ikifika katikati ya mkondo mtandao ukakata.

Basi fanya hivi, uliza moja moja:

```
*#21#
*#67#
*#61#
*#62#
```

Kwa shemeji tatu za mwanzo zilikua safi, ya 62 ikatoa namba. Kaiangalia kanyamaza, halafu akasema "hii si ya yule kijana wangu wa zamani?" Kumbe aliiweka mwenyewe zamani ili kijana apokee oda yeye akiwa safarini. Kijana akaacha kazi, laini yake akaitupa, mtandao ukaiuza upya kwa mtu mwengine, na daivati ikabaki pale pale. Haikai kwenye simu wala kwenye kadi, inakaa kwenye mitambo ya mtandao, ndio maana kubadilisha simu au kuifuta yote hakusaidii.

Tukajaribu. Siku hiyo hana bando, salio 2,000. Akazima simu, nikampigia kwa yangu, kapokea bibi wa watu, nikamuomba radhi nikamueleza. Shemeji kawasha, salio limeshuka. Hapo tumelipa wawili: mie nimelipa kumpigia shemeji, na shemeji kalipa kipande cha kutoka kwake mpaka kwa yule bibi, kama vile kapiga yeye.

Kufuta hiyo moja, au zote kwa pamoja:

```
##62#
##002#
```

Ukimaliza rudia *#62# uone imesema nini, usiamini tu. Halafu zima simu upigiwe na mwenzio, asikie ile sauti ya hupatikani. Ikikataa na kuandika `invalid MMI code` basi ingia mipangilio ya simu, sehemu ya kupiga, tafuta `Call forwarding`, au piga huduma kwa wateja wakufutie wao.

MASWALI

Dada wa Mkoani: Mie *#62# imeniletea namba siijui kabisa, nimeogopa, ndio nasikilizwa?

Usiogope kwanza dada angu. Mitandao mingine inaweka namba ya voismeili hapo. Muombe mwenzio mwenye mtandao kama wako apige *#62#, ikitoka namba ile ile basi ni voismeili. Ikitoka tofauti au kwake hamna kitu, futa. Na daivati haimpi mtu kusikiliza mazungumzo yako, inampa simu ambayo wewe hukuipata. Ila voismeili nayo jua kwamba ikishapokea tu, aliyekupigia anaanza kukatwa.

Kijana wa Darajani: Kuna mtu kanipigia kasema wa mtandao, niandike **21* halafu namba yake halafu reli, eti laini itengemae. Nimeshafanya!

Piga ##21# sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Meseji haziendi kwake, lakini simu zote zinakwenda, na Whatsapp ikiombwa inasoma namba ya kuthibitisha kwa kupiga simu. Akiipokea yeye anaingia kwenye akaunti yako. Ukishafuta ifungue Whatsapp, ikiwa imekutoa jisajili tena mara moja kwa namba yako na uwatahadharishe watu wako wasitume pesa.

Mzee wa Chake: Simu yangu laini mbili, nikipiga mara moja inatosha?

Haitoshi mzee wangu. Inafuta kwenye laini uliyopigia tu. Piga kwa ya kwanza, halafu chagua ya pili urudie.