Kusuka ukili kando ya kitanda cha mgonjwa

Mama yangu alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita, upande wa kushoto ukapooza. Tangu hapo niko naye nyumbani, hapa Bagamoyo, usiku na mchana. Kazi iliyokubali kukaa kando ya kitanda chake ni kusuka ukili, ule mkanda wa ukindu ambao washonaji huuunganisha ukawa mkeka. Nauza ukili kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, mkeka anashona mwingine.

Hatua ya 1: Panga kazi kwa kufuata zamu za kumgeuza

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, asipate vidonda vya mgandamizo. Nina daftari ninaloandika muda na upande aliolalia. Kila ninapomgeuza natazama nyonga, visigino na mwisho wa mgongo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha kiganja: pakiwa na joto kuliko pengine, pagumu, au rangi imekoza, usimlaze tena upande huo, na mwambie muuguzi. Baada ya kula, mama hukaa ameegemea mito kwa nusu saa, asipaliwe, nami sishiki ukindu mpaka nihakikishe amemeza vyote. Muda wa kusuka ni ule unaobaki katikati ya hayo.

Hatua ya 2: Kazi chafu zifanyike nje

Kuchana ukindu kuna vumbi, na kuchemsha rangi kuna harufu na mvuke. Mimi hufanya vyote uani siku ambayo dada yangu anakaa na mama. Baada ya kutia rangi, suuza chane mpaka maji yatoke meupe, kisha zianike. Usiharakishe hapa. Chane kabla ya kusukwa hulowanishwa kidogo ili zisivunjike, na rangi isiyosuuzwa vizuri itahamia kwenye shuka na kwenye mikono inayomlisha mgonjwa.

Hatua ya 3: Kusuka

Funga chane za siku hiyo kwenye kitambaa chenye unyevu, uziweke kwenye beseni miguuni pako, si juu ya kitanda. Mimi nasuka ukili wa chane 13, unaotoka na upana wa karibu sentimita 5. Chane ikikaribia kwisha, chomeka mpya juu yake kabla haijaisha kabisa, na usichomeke mbili mahali pamoja, patakuwa na uvimbe. Mama akiita, bana kichwa cha ukili kwa kibanio cha nguo uende. Ukirudi baada ya dakika 5 au saa nzima, unakuta kila chane mahali pake.

Kosa linalonisumbua zaidi ni ukili kupinda kama upanga. Sababu ni kuvuta ukingo mmoja kuliko mwingine, na hutokea hasa nikisuka huku nimegeuza shingo kumtazama mama. Ndiyo maana sasa nakaa uso wangu ukielekea kwake. Kila pima moja unyooshe ukili sakafuni kando ya ukuta. Ukiona umeachana na ukuta, fumua mpaka pale ulipoanza kupinda, kwa sababu mshonaji hataweza kuulaza. Mama alikuwa msukaji, na ndiye aliyenifundisha. Mimi humpa ncha ashike kwa mkono wake mzima, naye huniambia, "Umelegea huu, mwanangu, rudi nyuma kidogo." Mara nyingi ni kweli.

Hatua ya 4: Usishone mkeka hapo

Mkeka ulioshonwa unalipa zaidi, najua. Lakini unashonwa kwa sindano kubwa, na mgonjwa aliyepoteza hisia upande mmoja anaweza kuilalia sindano asisikie. Siku niliyotafuta sindano kwenye shuka kwa nusu saa ndiyo siku niliyoacha.

Hatua ya 5: Kuuza na kuhesabu

Kausha ukili kabisa kabla ya kuukunja. Ukiukunja mbichi utaota ukungu, nawe utaujua kwa harufu kabla ya kuuona. Mkeka wa mita 2 kwa mita 1.2 unahitaji vipande 24 vya mita 2, yaani mita 48, karibu pima 26. Mimi husuka pima 3 siku nzuri, na siku mbaya sifiki moja. Kwa hiyo simwahidi mshonaji tarehe. Nilimwambia mapema, "Shikamoo bibi, nina mgonjwa, nitakuletea kila nikifikisha pima 10," naye akakubali.

Mizigo yangu mitatu ya mwisho ilikuwa pima 30 kwa shilingi 1,000 kila moja, jumla 30,000. Ukindu ulinigharimu 9,000 na rangi 2,000, zikabaki 19,000. Hizo zilinunua nepi na sabuni. Dawa na nauli ya kliniki analipa kaka yangu, ukili haufiki huko.