SOMO: Saketi yenye swichi na nishati ya mwanzo, kwa njia ya Laplace

Naandika mara moja hapa, atakayeniuliza tena namwelekeza huku.

Betri ya 12 V inapita kwenye swichi, halafu rezista ya 2 Ω, inafika kwenye nodi. Kutoka nodi hadi chini kuna matawi mawili: kapasita ya 1/3 F, na koili ya 1 H iliyofuatana na rezista ya 4 Ω. Swichi imewashwa muda mrefu, t = 0 inazimwa. Tunatafuta mkondo wa koili.

1. Kabla ya kuzima, koili ni waya tu na kapasita haipitishi kitu. Mkondo ni 12/6 = 2 A, kapasita ina 8 V.

2. Ukizima, betri na ile 2 Ω zimetoka. Limebaki duara moja.

3. Sasa hamia kwenye s, na hapa ndo watu wanaangukia. Kapasita inakuwa 3/s pamoja na chanzo cha 8/s. Koili inakuwa s pamoja na chanzo cha L·i(0), yaani 2, namba tupu, usiigawe kwa s kwa vile tu umeona ya kapasita imegawiwa. Chanzo hiki kinasukuma kulekule mkondo ulikokuwa unaenda, maana koili haitaki mkondo wake ukatike ghafla, ukikigeuza alama jibu lote limeharibika na hesabu haitakwambia. Na volteji ya koili ni sI − 2, vyote viwili kwa pamoja, sio sI peke yake!

4. Zungusha duara:

```
8/s + 2 = I(s + 4 + 3/s)
I = (2s + 8)/((s + 1)(s + 3))
```

5. Ivunje vipande viwili, rudi kwenye muda: i = 3e^(−t) − e^(−3t). Weka t = 0, unapata 2 A. Sawa.

Mdau 1: mi napata −2 mwanzoni, kitabu kimekosea?

Mtoa somo: Namba 3.

Mdau 2: ile 2 ohm mbona umeiacha, utapata jibu la uongo

Mtoa somo: Sijaiacha, swichi imeiacha. Chora saketi baada ya kuzima ndo uje tubishane.

Mdau 3: Mkuu nimetafuta volteji ya koili kwa s mara I, ikabaki 2 peke yake nje ya sehemu. Ina maana gani?

Mtoa somo: Swali zuri sana hili. Hiyo 2 ukiirudisha kwenye muda ni mpigo wa ghafla, 2δ(t), na mkondo haukuruka popote kwahiyo hauwezi kuwepo. Ndo dalili umesahau kutoa 2. Ukiitoa inabaki −6/((s + 1)(s + 3)), yaani −3e^(−t) + 3e^(−3t). Mwanzoni ni sifuri, na ni kweli, 8 V za kapasita zote ziko kwenye 4 Ω.

Mdau 3: Shukrani. Kuna namna ya kuhakiki jibu zima, sio t = 0 tu?

Mtoa somo: Tumia nishati. Koili ilikuwa na 2 J, kapasita 32/3 J, jumla 38/3. Sasa jumlisha 4i² kuanzia 0 hadi mwisho wa muda: 4(9/2 − 3/2 + 1/6) = 38/3. Yote imeishia kwenye rezista.