Jinsi ya kuwaandikia wafanyakazi wawili waliokosana waje wakae na msuluhishi

Nachukua kesi moja ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Keshia anasema jamaa wa stoo anatoa mzigo bila risiti, wa stoo anasema risiti zinachelewa na wateja wanamfokea yeye. Hawasalimiani wiki ya tatu sasa.

1. Kabla hujaandika kitu, nenda kwa bosi mkubaliane yatakayosemwa mle ndani hayaingii kwenye faili la mtu, isipokuwa wizi au vitisho. Usipopata hilo usiliahidi.

2. Lipe tatizo jina ambalo wote wawili wanaweza kulisoma bila kununa. Mimi mara ya kwanza niliandika "malalamiko ya keshia", basi wa stoo akaja na lundo la delivari noti kama anaenda kujitetea mahakamani. Siku hizi naandika "utaratibu wa risiti na kutoa mzigo", maana hapo hakuna mwenye kosa.

3. Andika ujumbe mmoja, tumia "wewe na mwenzako" ili maneno yasibadilike hata moja:

"Habari za kazi. Naomba wewe na mwenzako tukae tuongelee utaratibu wa risiti na kutoa mzigo. Mimi naongoza mazungumzo tu, siamui nani yuko sahihi. Sio kikao cha nidhamu, na kuja ni hiari. Tutakayoongea hayaingii kwenye faili, isipokuwa wizi au vitisho. Kwanza nitaonana na kila mmoja peke yake nusu saa. Napendekeza Jumatano saa nane mchana, chumba cha mafunzo, kwa muda wa kama saa moja na nusu. Muda ukikubana niambie. Mwenzako amepata ujumbe huu huu neno kwa neno."

Angalia sijaweka "unatakiwa kufika", hiyo ni lugha ya polisi. "Mpatane" na "yaishe" pia sijaweka, manake mtu anaona ushaamua mwisho wake na yeye bado ana hasira zake. Hata neno msuluhishi kwa Tanzania wengine wakilisikia wanawaza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inakopelekwa migogoro ya kazi, wanaona kazi imeota nyasi, ndo maana nimeeleza ninachofanya badala ya kutaja cheo.

4. Tuma kwa kila mmoja inboksi yake, dakika ileile. Sio kwenye grupu, wataanza kujibizana humohumo na wengine wanasoma. Ijumaa jioni pia hapana, ataikalia wikendi nzima akiitafsiri.

5. Mmoja akikuuliza "kwani yeye kasemaje?" mjibu hivi: "Nimemwandikia kama nilivyokuandikia wewe, atakayosema atakwambia mwenyewe." Usiongeze hata "yuko poa tu", hapo ushakuwa mpeleka habari.

6. Akikataa mmoja, usimwambie mwingine "mwenzako kagoma". Andika tu kwamba mazungumzo ya Jumatano hayatakuwepo, halafu nenda kamsikilize aliyekataa. Mara nyingi shida ni chumba au saa, na yule wa stoo kumbe saa nane ndo gari la saruji linashusha.