Kabla ya kuingia mtaroni: maandalizi ya mgeni wa Mbeya anayetaka kujitolea usafi wa mtaa

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Kwa mtu aliyehamia Mbeya karibuni hiyo ndiyo siku rahisi kuliko zote ya kufahamiana na watu, kwa sababu karibu kila kaya hutoa mtu na kazi huisha mapema, kwa kawaida saa 4 asubuhi. Mwezi mzuri wa kuanza ni Oktoba. Mvua za nyanda za juu kusini huanza kwenye Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo kazi kubwa ya Oktoba ni kuzibua mitaro. Mtaro ni mwalimu mzuri wa mji huu: ukiufuata kutoka chini kwenda juu utajua mtaa unapoanzia, unapoishia na jirani anayeuleta uchafu.

Chukua mfano wa mpangaji aliyeingia Isanga mwanzoni mwa Oktoba. Wiki ya kwanza afike ofisi ya serikali ya mtaa akiwa na nakala ya kitambulisho cha NIDA, jina la mwenye nyumba na namba yake ya simu, na barua ya utambulisho kutoka mtaa alikotoka kama anayo. Aombe kuandikwa kwenye rejista ya wakazi, kisha aulize usafi wa mwezi huo utafanyika wapi na nani anasimamia. Hapa watu wengi huchanganya vyeo vitatu. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi. Waliopo sasa wengi waliingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, ndiye anayeshika kumbukumbu za ofisi. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama. Utaelekezwa kwake mara nyingi kwa kuwa anamjua kila mtu, na ni vizuri kumsalimia, lakini barua na muhuri vinatoka ofisi ya mtaa. Mgeni anayeishia kwa balozi huja kushangaa siku anapohitaji barua na jina lake halimo kwenye rejista.

Salamu zina uzito. Shikamoo kwa mkubwa haina mbadala. "Mugonile" ya Wanyakyusa hufungua nyuso, ila usimtupie kila unayekutana naye: jiji hili limesimama kwenye ardhi ya Wasafwa, na wapo Wandali, Wakinga, Wanyiha na wengine wengi. Kiswahili chenye heshima kinatosha mpaka utakapojua unayezungumza naye ni nani.

Wiki ya pili, tembea kwenye mtaro utakaosafishwa. Anzia chini, pale mtaro unapomwaga maji, kisha panda kuelekea Mlima Loleza. Angalia kalavati zilizoziba, nyumba zilizoelekeza maji ya bafuni mtaroni na sehemu ambapo tope limekaa kwa wingi. Uliza jina la kila kona unayopita, maana watu wa hapa huelekezana kwa majina ya vituo vya daladala, makanisa na maduka kuliko majina ya barabara. Andika kwenye daftari. Ukifika mpaka wa mtaa utaona mtaro unaendelea. Uchafu mwingi unaozibua kwako umetoka huko juu, na huko ndiko pa kwenda kujitolea mwezi unaofuata.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo siku nyingi za usafi huharibika. Tuseme mtaro una upana wa sentimita 40, tope limejaa kina cha sentimita 15, na mmepanga kusafisha mita 30. Hiyo ni lita 1,800 za tope. Ndoo ya lita 20 ikijaa tope bichi huzidi kilo 30, na mpini hukatika au mgongo huumia, kwa hiyo kila ndoo ijazwe nusu. Safari ni 180. Mkiwa watu kumi, watatu wachimbe, mmoja atangulie kuokota plastiki na chupa, sita wabebe: kila mbebaji ana safari 30, ambazo kwa saa tatu ni safari moja kila dakika sita. Inawezekana, kama pa kumwaga ni karibu. Mkipanga mita 60 kwa watu haohao, saa 4 itawakuta katikati, watu wataondoka na lundo litabaki barabarani.

Lundo hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Tope likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni na kazi nzima inapotea. Uliza mapema, wiki moja kabla, tope litapelekwa wapi na kwa chombo gani. Kama hakuna gari lililothibitishwa, tafuteni toroli mbili na eneo lililokubaliwa na mwenyewe, au mpunguze mita. Kosa la pili ni kuanza juu. Anzeni chini, pa kutokea maji, ili kila mnachozibua kipate njia. Mkianza juu maji yaliyotuama yatawafuata na mtafanya kazi ndani ya uji mweusi.

Vifaa vya kubeba mwenyewe ni vichache: gambuti, glovu nene za mpira, nguo ya kuvaa juu ya sweta (asubuhi za hapa ni baridi), maji ya kunywa na sabuni. Chepe, reki na jembe mara nyingi zipo kwa majirani, ingawa zinagombewa, hivyo ukiwa na chepe lako hutasimama bure. Andika jina kwenye mpini. Mitaro ina vioo na misumari, kwa hiyo hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati kabla ya siku yenyewe, na mwenye kidonda kibichi mkononi apewe reki, asishike tope. Hakuna anayeingia ndani ya kalavati, hata kama ni fupi. Uchafu uliomo unasukumwa kwa mti mrefu kutoka mdomo wa kalavati. Kabla ya kushika chai au simu, mikono ioshwe kwa sabuni.

Likipita daftari la mahudhurio, soma kichwa cha ukurasa kabla ya kuandika jina na namba ya NIDA. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na vikundi vya usafi navyo huomba. Hilo ni jambo jema, ila mkopo wa kikundi hudaiwa kikundi. Mtu aliyekuja kujitolea mara moja akajikuta kwenye orodha ya wanakikundi atafuatwa marejesho yakikwama. Mwambie katibu wazi: "Niandike kama mkazi aliyehudhuria, sijajiunga na kikundi." Ukitaka kujiunga, omba kwanza kuisoma katiba yao na daftari la michango, na uhudhurie vikao viwili au vitatu kabla ya kutoa kiingilio.

Kazi ikiisha, usikimbilie nyumbani. Nusu saa ya chai baada ya usafi ndipo utakaposikia nani anauza maziwa, fundi gani wa maji anaaminika, na msiba uko nyumba gani. Ukisikia msiba, uliza mchango hupelekwa kwa nani, na uende.