Kuku wa kupaka kwa grili ya oveni

Huna jiko la makaa? Kuku wa kupaka anatoka vizuri tu chini ya grili ya oveni. Iwashe dakika 5 kabla. Wavu ukae sentimita 15 hivi chini ya koili. Karibu zaidi ya hapo ngozi itaungua na mfupani bado kuna damu. Mapaja yageuze baada ya dakika 12, kisha 10 upande wa pili. Tui zito pakaza mwishoni, dakika 3 kila upande, na usitoke jikoni, maana linaungua ghafla. Mlango? Oveni nyingi za umeme za zamani huachwa wazi kidogo, la sivyo joto likizidi koili hujizima. Mpya nyingi hutaka ufungwe. Angalia kijitabu chake.