Kupanga duara kwenye bati: mraba au kupishanisha?

Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia karakana kwetu Mabatini, hapa Mwanza, akiwa na oda ya vitako vya koroboi vya sentimita 10 na vitako vya keni za kumwagilia vya sentimita 20. Alikuwa amesikia kwamba ukipishanisha duara unapata vitako vingi zaidi. Alipishanisha vile vya keni akapata 69. Mwenzake aliyepanga kwa mraba, kwenye bati la ukubwa ule ule, alipata 72. Akaniuliza, "Fundi, sasa hiyo hesabu si uongo?" Si uongo, ila ina masharti yake. Naandika hapa nilivyomwelekeza.

Hatua ya 1: Jua kila mpangilio unakula bati kiasi gani

Chukua duara la sentimita 10. Eneo lake ni sentimita za mraba 78.54. Ukipanga kwa mraba, kila duara linakaa ndani ya mraba wake wa 10 kwa 10, yaani 100. Kwa hiyo duara zinafunika asilimia 78.54 na zaidi ya sehemu moja kwa tano ya bati inakuwa makapi.

Ukipishanisha, duara za mstari wa pili zinashuka kwenye mabonde ya mstari wa kwanza, na kila duara linaguswa na wenzake 6 badala ya 4. Ndiyo maana mpangilio huu unaitwa wa pembesita. Vitovu vya duara tatu zinazogusana vinaunda pembetatu yenye pande sawa, kila upande sentimita 10. Kimo cha pembetatu hiyo: 100 kutoa 25 ni 75, na mzizi wa 75 ni 8.66. Kwa hiyo mstari mmoja hadi mwingine ni 8.66, si 10, na kila duara linatumia 10 × 8.66 = 86.6 tu. Gawanya 78.54 kwa 86.6 upate asilimia 90.69. Makapi yameshuka kutoka 21.46 hadi 9.31, na vitako vinaongezeka kwa karibu asilimia 15.5.

Usihangaike kutafuta mpangilio wa tatu wa kuzidi huo. Mwanahisabati Axel Thue alianza kuthibitisha kwamba haupo, na mwaka 1940 László Fejes Tóth akatoa uthibitisho kamili.

Hatua ya 2: Hesabu kwa bati lako, maana bati lina mwisho

Hapa ndipo kijana alipokwama. Asilimia 90.69 ni ya uwanja usio na kingo. Bati letu bapa ni milimita 2440 kwa 1220, na kingo zinachukua chao.

Kwanza ongeza nafasi ya mkasi. Mimi naacha milimita 2 kati ya duara na duara, kwa hiyo kitako cha 100 kinahesabiwa 102 kutoka kitovu hadi kitovu, na cha 200 kinahesabiwa 202. Ukingoni sihitaji nafasi hiyo.

Idadi kwenye mstari: toa kipenyo kwenye urefu wa bati, gawanya kwa umbali wa vitovu, tupa desimali, ongeza 1. Mstari uliosogezwa una kanuni hiyo hiyo, ila kabla ya kugawanya unatoa pia nusu ya umbali wa vitovu. Idadi ya mistari: toa kipenyo kwenye upana, gawanya kwa umbali wa vitovu ukipanga mraba, au kwa 0.866 mara umbali huo ukipishanisha, tupa desimali, ongeza 1.

Tuanze na keni. Kwa mraba ni 12 kwa 6, jumla 72. Ukipishanisha kwa kufuata urefu, mstari wa kwanza unabeba 12, lakini uliosogezwa unabeba 11 tu kwa sababu duara la mwisho linatoka nje ya bati. Mistari iko umbali wa 174.9, na 1020 kugawanya kwa 174.9 ni 5.83. Unapata mistari 6, sawa na ya mraba, na mitatu kati yake imepoteza duara moja moja. Ndiyo ile 69. Kupishanisha kulibana mistari, ila hakukubana vya kutosha kuingiza mstari wa saba. Ukigeuza mistari ifuate upana unapata mistari 13, ya 6 na ya 5 kwa zamu, jumla 72. Sare. Kwa keni, basi, panga mraba. Unakata vipande kwa mistari iliyonyooka, kisha unazungusha pembe. Bati lililopishanishwa haliwezi kupita kwenye mashine ya kukata mnyoofu, kwa kuwa mistari imeingiliana.

Koroboi ni habari nyingine. Mraba unatoa 23 kwa 11, jumla 253. Ukipishanisha kwa kufuata urefu, mistari yote inabeba 23, hata iliyosogezwa, kwa sababu mwisho wa bati ulikuwa umebaki wazi kwa milimita 96 na tumesogeza 51 tu. Mistari ni 13. Jumla 299! Nyongeza ni asilimia 18, zaidi ya ile 15.5, kwa kuwa mraba ulikuwa umepoteza nafasi nyingi ukingoni. Geuza pia ulinganishe: kwa upana ni mistari 27 ya vitako 11, jumla 297. Hesabu pande zote mbili kila mara kabla ya kushika chaki.

Hatua ya 3: Kuchora

Hapa niliwahi kupoteza siku nzima na bati zima. Nilifungua bikari 102 nikatembea nayo kutoka kitovu hadi kitovu, mstari kwa mstari. Bikari ilikuwa imelegea nusu milimita. Hatua 22 mara nusu milimita ni milimita 11. Mstari uliofuata niliupima vizuri, kwa hiyo mwisho wa bati vitovu vyake havikuwa tena katikati ya mabonde. Badala ya kupishana kwa 51 vilipishana kwa 40. Umbali wa vitovu ukawa 97 na duara za 100 zikaingiliana milimita 3. Sikuona mpaka mkasi ulipofika pale.

Kwa hiyo, usitembeze bikari. Tumia rula ndefu ya chuma, si futi ya utepe, kwa sababu ndoano yake inacheza. Pima kila kitu kutoka ukingo mmoja. Chora mistari kwenye 50, 138.3, 226.7, 315 na kuendelea kwa 88.3. Kwenye mstari wa kwanza weka alama 50, 152, 254. Kwenye wa pili anza 101, 203, 305. Mstari wa tatu unarudi 50. Gonga vitovu kwa msumari wenye ncha, ndipo bikari ifanye kazi yake moja ya kuzungusha duara la nusu kipenyo 50.

Kabla ya kukata, chagua kitovu kimoja karibu na mwisho wa bati na upime hadi majirani zake wote 6. Zote zikiwa 102, uko salama. Zile mbili za pembeni zikiwa 102 na za juu na chini zikitofautiana, mstari mmoja umehama. Ufute uuchore upya.

Hatua ya 4: Kata

Anza na mstari wa chini, kitako kimoja kimoja. Upande wa juu utabaki ukanda mnyoofu wa milimita 60 wenye urefu wote wa bati. Kijana aliukunja akapata masikio ya koroboi.